Tanjenti Ipo, Derivativi Haipo

Swali hili huulizwa kila mwaka, na karibu kila mara huulizwa kwa sauti ya mtu anayehisi ameonewa. Mwanafunzi amechora grafu ya kipeuo cha tatu. Ameona inavyopita katikati ya karatasi ikiwa imesimama wima, ameweka rula pale, na rula imelala juu ya mchoro bila shida. Kisha anafungua majibu nyuma ya kitabu na kukuta maneno machache tu: kwenye sifuri, derivativi haipo. Anarudi kwa mwalimu na rula mkononi. "Sasa mwalimu, tanjenti si hii hapa, naiona? Inakuwaje waseme haipo?"

Ukisoma majibu yale kwa makini utaona kwamba hayakusema tanjenti haipo. Tanjenti ipo, na rula yake haikumdanganya. Kilichokosekana ni kitu kingine, jirani wa tanjenti, ambacho tumezoea kukichukulia kuwa ni kile kile kwa sababu mara nyingi vinakuja pamoja. Kipeuo cha tatu, pale kwenye sifuri, ni mahali ambapo kimoja kipo na kingine hakipo. Sura hii inakaa pale pale, kwenye nukta moja.

Kipeuo cha tatu na faneli iliyozibwa

Kipeuo cha tatu cha namba ni ile namba ambayo ukiiweka mara tatu na kuzidisha, unarudi ulikoanzia. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Tunaandika ∛8 = 2. Tofauti na kipeuo cha pili, hiki hakiogopi namba hasi: ∛−8 = −2, kwa kuwa hasi tatu zikizidishwa zinatoa hasi. Kwa hiyo grafu yake ina upande wa kulia wa sifuri na upande wa kushoto pia, na hilo litatufaa baadaye.

Fanksheni ni kanuni inayopokea namba moja na kutoa namba moja. Fanksheni yetu inapokea x na kutoa y = ∛x.

Ili isibaki alama tupu, chukua faneli yenye umbo la koni, iliyochongoka chini hadi nukta, na tundu lake limezibwa. Tuseme imetengenezwa kwa vipimo hivi: kila unapopima, nusu ya upana wa mdomo wa maji ni karibu sawa na kina chake, au kwa usahihi zaidi ni kina hicho mara 0.977 hivi. Nimechagua kipimo hicho kwa makusudi, maana kinafanya hesabu iwe nyepesi: ujazo wa maji katika mililita unakuwa sawa na kina katika sentimita kikizidishwa mara tatu. Geuza hesabu hiyo, na kina cha maji ni kipeuo cha tatu cha ujazo.

Sasa mimina. Mililita 1 inakupa kina cha sentimita 1. Mililita 8 zinakupa sentimita 2. Mililita 27 zinakupa sentimita 3. Ukiongeza mililita moja juu ya hizo 27, maji hayapandi hata nusu ya milimita, kwa sababu mdomo wa faneli kule juu ni mpana na maji yanatawanyika. Lakini ile mililita ya kwanza kabisa, iliyokuta faneli tupu, ilipandisha maji milimita 10 nzima. Kadiri unavyorudi chini kwenye ncha, ndivyo tone dogo linavyopandisha maji kwa kiasi kikubwa. Elfu moja ya mililita, kiasi ambacho jicho halikioni kikimiminwa, inatosha kujaza ncha hadi milimita 1.

Ndiyo sababu grafu ya kipeuo cha tatu ina umbo lile. Mbali na sifuri imelala, inapanda kivivu. Ikikaribia sifuri inainuka, inapita kwenye makutano ya mihimili ikiwa imesimama, kisha upande wa pili inalala tena. Ukiitazama nzima inafanana na herufi S iliyolazwa na kuvutwa ncha zake.

Namna ya kupima mwinamo wa kitu kilichopinda

Mwinamo wa mstari ulionyooka ni rahisi: gawanya kiasi ulichopanda kwa kiasi ulichosogea kulia. Mstari unaopanda 3 kila unaposogea 1 una mwinamo wa 3. Mstari uliolala una mwinamo wa 0. Mstari uliosimama wima hauna mwinamo, kwa kuwa hukusogea kulia hata kidogo, na hakuna kugawanya kwa sifuri. Tafadhali liweke hilo la mwisho mfukoni.

Mstari uliopinda hauna mwinamo mmoja, unabadilika kila hatua. Njia ya kuupima ni ya zamani na ni ya akili sana. Chagua nukta unayoitaka, chagua nukta nyingine jirani, ziunganishe kwa rula. Mstari huo unaokata grafu katika nukta mbili tutauita mkato. Mwinamo wa mkato unahesabika. Kisha sogeza ile nukta ya pili karibu, na karibu zaidi, na uangalie namba zinaelekea wapi. Zikielekea kwenye namba moja maalumu, namba hiyo tunaiita kikomo, na hapa kikomo hicho ndicho derivativi ya fanksheni kwenye nukta ile. Derivativi, kwa hiyo, ni namba.

Tufanye hivyo kwenye sifuri. Nukta yetu ni (0, 0), mahali mihimili inapokutana. Nukta ya jirani iko umbali x, na urefu wake ni ∛x. Mwinamo wa mkato ni ∛x ÷ x. Hebu tuone:

- x = 1: kipeuo ni 1, mwinamo ni 1. Mkato umeinama nyuzi 45.
- x = 0.125: kipeuo ni 0.5, mwinamo ni 4.
- x = 0.008: kipeuo ni 0.2, mwinamo ni 25. Mkato sasa uko karibu nyuzi 88.
- x = 0.001: kipeuo ni 0.1, mwinamo ni 100.
- x = 0.000001: kipeuo ni 0.01, mwinamo ni 10,000.

Kila unapoigawanya x kwa 1,000, mwinamo unazidishwa kwa 100. Hakuna dalili ya kutulia. Na upande wa kushoto? Chukua x = −0.001. Kipeuo chake ni −0.1. Hasi kwa hasi inatoa chanya, mwinamo ni 100 vile vile. Pande zote mbili zinakimbilia juu kwa mwendo ule ule.

Mtu mkaidi anaweza kusema: labda zinatulia mbali sana, labda kwenye milioni moja. Mjibu hivi. Kwenye x = 0.000000001, yaani moja chini ya bilioni, kipeuo ni 0.001 na mwinamo ni milioni moja kamili. Sogea karibu zaidi ya hapo na utakuwa umeivuka milioni, na hutarudi tena chini yake. Akitaja trilioni, utampa x nyingine ndogo zaidi. Namba yoyote atakayoitaja, kuna eneo kuzunguka sifuri ambalo ndani yake kila mkato ni mkali kuliko namba hiyo. Basi hakuna namba inayoweza kuwa kikomo. Na kwa kuwa derivativi ni kikomo hicho, derivativi haipo.

Kwa kifupi: tulitafuta namba ambayo miinamo ya mikato inaielekea, tukakuta miinamo inapita kila namba.

Mbona basi tanjenti ipo?

Rudi kwenye ile orodha, lakini safari hii usiangalie namba, angalia mistari yenyewe. Mkato wa kwanza umeinama nyuzi 45. Wa tatu uko karibu nyuzi 88. Wenye mwinamo wa 100 uko nyuzi 89.4. Wenye mwinamo wa 10,000 umebakiza chini ya moja ya mia ya nyuzi ufike 90. Miinamo inakimbia bila mwisho, ila mistari yenyewe inatulia vizuri kabisa. Yote inapita kwenye (0, 0), na yote inaelekea kwenye mstari mmoja unaojulikana: ule uliosimama wima, mhimili wa y wenyewe.

Tanjenti ndiyo hiyo, mstari ambao mikato inauelekea nukta ya pili inapoikaribia ya kwanza. Hapa mikato inauelekea mstari wima, kwa hiyo tanjenti ni mstari wima. Mlinganyo wake ni x = 0. Hauandikiki kwa mtindo wa y = mx, kwa kuwa hauna m, lakini ni mstari halali kama mistari mingine.

Jaribu kitu kimoja. Chora grafu kwenye karatasi nyepesi, kisha ipindue na uishike kwenye mwanga ili mhimili wa x uwe mahali pa mhimili wa y, na wa y mahali pa x. Unachokiona sasa ni grafu ya y = x³, namba iliyozidishwa mara tatu. Ni mpindo ule ule, wino ule ule. Lakini kwenye sifuri sasa umelala, tanjenti yake ni mhimili wa x, na derivativi yake ipo bila ubishi wowote: ni 0. Hukubadilisha mpindo hata kidogo. Ulichobadilisha ni swali. Kwanza uliuliza kina kinabadilika kiasi gani ujazo ukiongezeka. Sasa unauliza ujazo unabadilika kiasi gani kina kikiongezeka, na swali hilo lina jibu: kwenye ncha ya faneli, karibu hakuna ujazo wowote.

Hapa ndipo vitu viwili vinapoachana. Tanjenti ni mali ya mpindo, haijali umeishikaje karatasi. Derivativi ni mali ya fanksheni, na fanksheni inajua kipi kinaingia na kipi kinatoka. Inauliza kwa ukali: kwa kila kipande cha x, unapata y kiasi gani? Mpindo unaposimama wima, kwa muda wa nukta moja hakuna x ya kupimia.

Unaweza hata kutembea juu ya mpindo huo bila kujikwaa. Tuseme nukta inatembea ili kwa wakati t iwe mahali (t³, t). Mahali pote hapo y ni kipeuo cha tatu cha x, hivyo nukta haitoki nje ya mpindo wetu. Wakati t = 0 inapita katikati. Mwendo wake wa kwenda kulia papo hapo ni 0, mwendo wake wa kwenda juu ni 1. Hairuki, haisimami, haigeuki ghafla. Inapanda wima na kuendelea na safari. Hakuna kasoro yoyote kwenye mpindo.

Historia ya somo hili inaonyesha mgawanyiko huo huo. Leibniz alipochapisha njia yake mwaka 1684, tatizo alilolitaja kwenye kichwa cha makala lilihusu tanjenti za mipindo, pamoja na vilele na mabonde yake, na alijivunia kwamba njia hiyo haizuiwi na sehemu wala na vipeuo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1823, Cauchy alichapisha mafunzo yake ya Paris, na humo derivativi imewekwa juu ya msingi wa kikomo cha uwiano. Wa kwanza alianza na mpindo, wa pili alianza na fanksheni. Kitabu cha leo kimerithi maneno kutoka kwa wote wawili na kuyaweka ukurasa mmoja. Sishangai mwanafunzi akichanganyikiwa.

Si tungeandika tu kwamba derivativi ni ∞?

Hili ndilo swali la pili, na kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko la kwanza. Kama miinamo inakua bila mwisho, kwa nini tusikubali alama ∞, alama ya kisicho na mwisho, tuiite derivativi, na mambo yaishe? Jibu la "kwa sababu kanuni imesema iwe namba" ni la kweli lakini halimridhishi mtu. Afadhali tuone nini kinaharibika.

Derivativi ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kukadiria. Kwenye x = 1, derivativi ya kipeuo cha tatu ni theluthi moja. Maana yake, ukitoka 1 na kuongeza 0.03, kipeuo kitaongezeka karibu theluthi ya 0.03, yaani 0.01. Kadirio ni 1.01, na jibu halisi ni 1.0099. Umeipata kichwani, bila kikokotoo. Sasa jaribu kufanya hivyo ukianzia sifuri kwa kutumia ∞. Ongeza 0.03 mara ∞? Kadirio linakwambia kina cha maji hakina mwisho, wakati kina halisi ni kama sentimita 0.31. Huko si kukadiria kubaya, ni kutokukadiria kabisa.

Kazi ya pili ni kuingia kwenye kanuni za hesabu, na hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Kuna kanuni ya kutafuta derivativi ya kitu kilichopandishwa kipeo. Ukiita kipeuo chetu u, na derivativi yake u′, basi:

- derivativi ya u² ni 2 × u × u′
- derivativi ya u³ ni 3 × u² × u′
- derivativi ya u⁴ ni 4 × u³ × u′

Kwenye sifuri, u yenyewe ni 0. Tukikubali kwamba u′ ni ∞, kanuni zote tatu zinatoa kitu cha aina moja: 0 × ∞. Basi zingepaswa kutoa jibu moja. Twende tukaangalie ukweli.

Anza na u³. Kipeuo cha tatu kikizidishwa mara tatu kinarudisha x yenyewe. Grafu ya y = x ni mstari ulionyooka wenye mwinamo 1. Jibu la kweli ni 1.

Sasa u⁴. Hiyo ni x mara ∛x. Mwinamo wa mkato kutoka sifuri ni x∛x ÷ x, yaani ∛x, na hiyo inaelekea 0. Jibu la kweli ni 0. Grafu inagusa mhimili wa x taratibu kama bakuli.

Na u²? Mwinamo wa mkato ni u² ÷ x, ambao ukirahisishwa ni 1 ÷ ∛x. Upande wa kulia unakimbia juu bila mwisho. Upande wa kushoto unakimbia chini bila mwisho. Hakuna jibu, hata ukiruhusu ∞, kwa sababu hujui ni ∞ ya juu au ya chini.

Mtu mmoja, 0 × ∞, na ametoa majibu matatu: moja, sifuri, na hakuna. Alama inayobeba majibu matatu kwa mpigo haiwezi kukaa mahali pa namba. Wapo waandishi wanaoandika u′(0) = ∞, na sina ugomvi nao iwapo wanamaanisha tu kwamba miinamo inakua bila mwisho pande zote mbili na tanjenti ni wima. Ni habari sahihi na yenye faida. Isipokuwa ni habari ya kusoma, huwezi kuiingiza kwenye kanuni ukategemea itoke salama.

Katika mifano hiyo kuna mtego ambao watahiniwa wengi wanauingia, kwa hiyo nitausimamia kidogo. Derivativi ya kipeuo cha tatu mahali pengine pote, mbali na sifuri, ni 1 ÷ (3∛x²). Ukiweka x = 0 unapata kugawanya kwa sifuri, na mwanafunzi anaandika: "kanuni imeshindwa, kwa hiyo derivativi haipo." Amefika kwenye jibu sahihi kwa njia mbovu. Mpe x∛x afanye hivyo hivyo. Kanuni ya kuzidisha itampa ∛x + x ÷ (3∛x²), na akiweka sifuri kabla ya kurahisisha atakuta tena kugawanya kwa sifuri. Atasema haipo, na safari hii atakosea, maana tumeona kwamba ni 0. Kanuni ikishindwa, imekwambia tu kwamba yenyewe haiwezi kukusaidia. Ushahidi unatoka kwenye mikato: andika uwiano, sogeza nukta, tazama zinaelekea wapi.

Majirani wanaofananishwa nayo

Fanksheni inaweza kukosa derivativi kwa njia zaidi ya moja, na sababu hazifanani. Thamani isiyojali alama, |x|, ambayo inageuza kila namba kuwa chanya, ina kona kwenye sifuri. Kulia mwinamo ni 1, kushoto ni −1. Namba zipo, zimekataa kukubaliana, na tanjenti hakuna. Ile u² tuliyoiona ina ncha kali inayotazama chini: pande zote mbili zinasimama wima, moja ikishuka kwenye sifuri na nyingine ikipanda kutoka hapo. Vitabu vinatofautiana kuhusu ncha hiyo. Vingine vinaihesabu kuwa na tanjenti wima, vingine vinadai pande zote mbili zielekee ∞ ile ile, hivyo vinaikataa. Kipeuo cha tatu kinakubalika kwa wote, kwa sababu pande zake zinakubaliana kila kitu isipokuwa kwamba zinachokubaliana si namba.

Na faneli ya kweli?

Msomaji wa vitendo ameshaanza kutilia shaka. Mimina mililita moja kila sekunde, ukianza na faneli tupu. Hesabu inasema katika elfu ya kwanza ya sekunde maji yamepanda milimita 1, sawa na mwendo wa sentimita 100 kwa sekunde. Katika milioni ya kwanza ya sekunde, mwendo wa wastani ni mita 100 kwa sekunde. Hakuna aliyewahi kuona maji yakiruka hivyo ndani ya faneli.

Hayaruki kwa sababu ncha ya kweli haikuchongoka hadi nukta. Tuseme sehemu iliyozibwa ni bapa, upana wake milimita 2. Eneo lake ni milimita za mraba 3.14, na mililita moja kwa sekunde ikianguka juu yake inapandisha maji kwa kama sentimita 32 kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini ni namba, na grafu ya kina sasa ina derivativi pale mwanzo. Tena maji hayaji kwa milioni za sekunde, yanakuja kwa matone, na tone moja la kawaida, lenye kama mililita 0.05, linajaza koni yetu hadi karibu milimita 4 kwa mkupuo. Tanjenti wima ni mali ya koni kamili iliyo akilini. Ila inatuambia jambo la kweli kuhusu faneli halisi: mwendo wa mwanzo unaamuliwa na namna ncha ilivyokatwa, wala si na umbo la faneli nzima.

Kikokotoo kinapotoa jibu ambalo halipo

Vikokotoo vya grafu vina kitufe cha kutafuta derivativi kwa namba. Kile cha TI-84, kwa mfano, kinaita kazi hiyo nDeriv. Hakisogezi nukta hadi mwisho. Kinachukua nukta moja kulia na moja kushoto, kila moja umbali wa 0.001, na kugawanya tofauti ya urefu kwa tofauti ya mahali. Kwa kipeuo cha tatu kwenye sifuri, hiyo ni 0.2 ÷ 0.002. Skrini inaonyesha 100, bila onyo lolote.

Kuligundua jibu hilo la uongo ni rahisi: badilisha hatua. Derivativi ya kweli haijali sana hatua yako. Kwenye x = 1 utapata theluthi moja kwa hatua ya 0.001 na theluthi moja kwa hatua ya 0.000001. Kwenye sifuri, hatua ya pili itakupa 10,000. Jibu linalobadilika kwa kiasi hicho linapima hatua yako, halipimi fanksheni.

Kompyuta nayo ina vituko vyake. Ukiandika hivi kwenye Python:

```python
(-8) ** (1/3)
```

hutapata −2. Utapata namba changamano, yenye sehemu isiyo halisi, kwa sababu lugha hiyo inashughulikia vipeo vya sehemu kwa njia inayochagua kipeuo kingine. Programu nyingine za grafu zinachora upande wa kulia tu na kuacha kushoto kutupu, na mtu anaweza kudhani grafu inaanzia kwenye sifuri. Katika Python 3.11 na zilizofuata, tumia `math.cbrt(-8)`.

Njia inayoumizwa zaidi na sifuri hii ni ile ya Newton ya kutafuta mahali fanksheni inapokata mhimili wa x. Inafanya hivi: simama mahali unapokisia, chora tanjenti, iteremkie mpaka ifike kwenye mhimili, simama pale, rudia. Kwa fanksheni nyingi inafika haraka ajabu. Kwa kipeuo cha tatu, jibu tunalijua, ni 0, basi tuone kama itafika. Kutoka x, njia inakutuma kwenye x − ∛x ÷ (1 ÷ (3∛x²)). Kuzidisha ∛x kwa 3∛x² kunatoa 3x. Kwa hiyo unatumwa kwenye x − 3x, yaani −2x.

Anza kwenye 0.1, karibu kabisa na jibu. Unatumwa kwenye −0.2, kisha 0.4, kisha −0.8, kisha 1.6. Kila hatua inavuka sifuri na kutua mbali mara mbili. Kuanza karibu zaidi hakusaidii, kunachelewesha tu. Mpindo karibu na sifuri ni mkali, ila ukiondoka kidogo tayari umelala kiasi kwamba tanjenti ya pale ulipo inalivuka jibu na kuugusa mhimili mbali upande wa pili. Programu isiyo na kikomo cha marudio itaendelea hivyo mpaka namba zijae. Mara nyingi, ukiona majibu ya njia ya Newton yanapishana hasi na chanya huku yakikua, inafaa kuchora grafu karibu na jibu na kuangalia kama haisimami wima pale.